Kuficha idadi ya laiki Instagram

"Nikificha laiki Instagram, posti zangu zitasukumwa chini? Na kwa nini watu wafiche?"

Hapana, dada. Laiki zinaendelea kuhesabiwa kama kawaida, na wewe mwenye posti bado unaiona idadi. Kinachoondoka ni ile namba mbele ya macho ya wengine. Gusa vidoti vitatu juu ya posti, kisha "Hide like count to others". Ukibadili mawazo, unairudisha palepale.

Sababu yake niliiona kwa rafiki yangu fundi cherehani. Gauni la harusi lilipata laiki mia kadhaa, sare za shule alizozishona kwa ustadi uleule zikapata chache mno. Wateja wakaanza kuamua kwa namba badala ya kutazama mshono, naye akakaribia kuacha kupakia sare, ilhali ndizo zinazomlipia kodi. Alipoficha idadi ya laiki, maswali ya bei ya sare yakarudi.

Mtazamaji naye anaweza kuficha idadi kwenye posti za wengine, kupitia mipangilio. Instagram walianza majaribio mwaka 2019, na Mei 2021 wakamwachia kila mtu achague. Mimi nimeficha, maana nilikuwa nikisoma namba kabla ya picha yenyewe.

Ila usitegemee siri kamili: orodha ya waliolaiki bado inafunguka, na mwenye subira atawahesabu. Maoni nayo yanabaki wazi, kwa hiyo posti iliyopoa bado itajulikana kwa ukimya wake.