Jina linalosomeka kwenye taarifa ya benki ya mchangiaji

Wiki 3 baada ya kufungua ukurasa wetu wa kwanza wa michango, nilipata barua pepe ya mistari miwili: "Ndugu mhazini, kuna watu wamekata 50 kwenye kadi yangu na siwajui. Benki wameniambia nipinge malipo, lakini binti yangu anasema huenda ni ninyi." Ndio, tulikuwa sisi. Mama yule alikuwa amechangia kwa hiari yake, akapata na ukurasa wa shukrani wenye picha nzuri. Tatizo ni kwamba taarifa yake ya benki haikuwa na jina la shirika letu. Ilionyesha kifupisho cha herufi nne, kutoka kwenye jina refu la usajili ambalo hata sisi wenyewe hatukulitumia popote isipokuwa kwenye fomu za serikali.

Yeye aliuliza kwanza. Wengine wawili hawakuuliza, walikwenda moja kwa moja benki. Mchangiaji akipinga malipo ya kadi, benki yake huivuta pesa kutoka kwenu, na mara nyingi kampuni ya malipo, ile inayowapokelea michango ya kadi, huwakata ada ya usumbufu juu yake. Kwa hiyo mchango wa 20 unaweza kuwaacha mkiwa na hasara kuliko usingetolewa kabisa. Mapingamizi yakizidi, kampuni ya malipo huanza kuwatazama kama wafanyabiashara wa mashaka, na akaunti inaweza kufungwa.

Ndiyo maana wewe unayepewa leo kazi ya kutengeneza ukurasa wa michango wa shirika dogo, usianzie kwenye rangi ya kitufe. Anzia kwenye jina. Kwenye mipangilio ya kampuni ya malipo kuna sehemu ya kuandika jina litakalosomeka kwenye taarifa ya benki ya mlipaji. Kwa kampuni ya Stripe jina hilo lina herufi 5 hadi 22, na wengine wana mipaka inayokaribiana na hiyo. Weka jina ambalo watu wanawaitia, hata kama si lile la kwenye cheti. Kisha ujichangie mwenyewe kiasi kidogo kwa kadi yako, na umwombe mwenzako mwenye akaunti ya benki nyingine afanye vivyo hivyo, kwa sababu benki nyingine hukata jina katikati. Subirini muamala ukamilike, msome taarifa zenu, mlinganishe. Sisi tulifanya zoezi hili baada ya kuumia. Lilichukua siku 2.

Baada ya hapo tuliongeza sentensi moja kwenye risiti na kwenye ukurasa wa shukrani: "Kwenye taarifa yako ya benki utaona jina hili," likifuatiwa na jina lenyewe kama linavyosomeka. Kwa wanaochangia kwa pesa za simu mambo huwa mepesi pale huduma inapoonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri, ila hapo nalo likitokea jina la mtu binafsi badala ya shirika, wengi husitisha. Na wana haki.

Hilo linanifikisha kwenye akaunti. Pesa ziingie kwenye akaunti ya benki ya shirika, yenye watia saini wasiopungua wawili. Najua jinsi inavyokuwa mwanzoni: usajili wa akaunti unachelewa, kampeni imeshatangazwa, mwenyekiti anasema tutumie ya kwako kwa muda, mhazini. Kataa. Hata ukiwa mwaminifu kama mizani, siku ukiugua au ukigombana na mtu, hakuna atakayeweza kutenganisha mshahara wako na michango. Kampuni ya malipo nayo itataka cheti cha usajili, vitambulisho vya viongozi na uthibitisho wa akaunti ya benki. Peleka hivyo vyote kabla ya kutangaza chochote, kwani kawaida yao ni kukuruhusu kupokea pesa leo, kisha wakazishikilia hadi nyaraka zikamilike. Kama unategemea michango mingi kwa mkupuo, waandikie mapema uwaeleze. Akaunti iliyolala miezi 5 kisha ikapokea malipo 70 kwa siku moja huwashtua.

Sasa maneno ya ukurasani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tulipokosea kwa namna isiyoonekana haraka. Kampeni yetu ilikuwa ya viti mwendo 12, kila kimoja 150, jumla 1,800. Sarafu haina umuhimu, hesabu ni ile ile. Tuliandika kwa herufi kubwa: "Asilimia 100 ya mchango wako itanunua viti mwendo." Watu 78 wakachangia jumla ya 2,340. Tukashangilia, kisha nikafungua ripoti ya makato.

Kampuni yetu ilikuwa inakata asilimia 3 ya kila mchango na juu yake 0.30 kwa kila muamala. Asilimia 3 ya 2,340 ni 70.20. Zile 0.30 mara 78 ni 23.40. Makato yote ni 93.60, na kilichofika benki ni 2,246.40. Tayari ile asilimia 100 ilikuwa si kweli, ingawa hakuna aliyeiba. Tena makato haya hayawaumi wachangiaji wote kwa uwiano mmoja: kwenye mchango wa 5 yanaondoka 0.45, ambayo ni asilimia 9, ilhali kwenye mchango wa 50 yanaondoka 1.80, asilimia 3.6 tu. Kile kiwango kisichobadilika ndicho kinachowala wachangiaji wadogo.

Kosa la pili lilikuwa ziada. Tukiondoa 1,800 za viti, zilibaki 446.40. Kiongozi mmoja akapendekeza tulipie kodi ya ofisi, iliyokuwa imechelewa. Lakini tuliomba pesa kwa ajili ya viti, na katika nchi nyingi pesa iliyoombwa kwa kusudi maalumu hufungwa kisheria na kusudi hilo. Kuihamishia kwingine kunahitaji ridhaa ya wachangiaji au mamlaka. Tuliishia kuwaandikia watu wote 78 tukiomba ruhusa ya kutumia ziada kutengeneza viti vya zamani vilivyoharibika. Wengi walikubali, wachache hawakujibu kabisa, na mmoja akaomba arudishiwe chake. Tukamrudishia siku hiyo hiyo.

Ukurasa wetu wa sasa una aya hii chini ya lengo, na unaweza kuitohoa: "Tunahitaji 1,800 baada ya makato ya malipo. Tukivuka lengo, ziada itatumika kutengeneza viti mwendo vilivyopo. Tusipofikia lengo kufikia tarehe ya mwisho, tutanunua viti vinavyowezekana na kutangaza idadi." Hali ya tatu, ya kutofikia lengo, wengi huisahau kwa sababu haipendezi kuiwaza.

Kuna visanduku viwili vidogo kwenye fomu ambavyo nakuomba uviache bila alama ya tiki. Cha kwanza ni kile cha "ongeza kiasi ili kufidia makato." Kiweke, watu wengi wema hukubali, ila wachague wenyewe. Cha pili ni "rudia mchango huu kila mwezi." Mifumo mingine huja nacho kikiwa tayari kimetikiwa. Mtu aliyekusudia kutoa mara moja akija kugundua mwezi wa 3 kwamba anakatwa, hutampata tena, na ndugu zake wote watasikia. Kwa wale waliochagua kila mwezi, kila risiti iwe na kiungo cha kusitisha kinachofanya kazi bila kuwaandikia barua.

Risiti yenyewe iende mara moja, iwe na jina kamili la shirika, namba ya usajili, tarehe, kiasi, kusudi na namba ya muamala. Iwe pia na anwani ya barua pepe inayosomwa na mtu. Anwani za aina ya `noreply@` zinaokoa kazi ofisini, lakini yule mama wa mwanzo angeikuta hiyo, angekwenda benki.

Baada ya viti kugawiwa tulituma ripoti ya ukurasa mmoja: kilichochangwa 2,340, makato 93.60, kilichofika 2,246.40, viti 12 kwa 1,800, baki. Tulisema pia kwamba kiti kimoja kilifika na gurudumu bovu na muuzaji alikuwa bado hajakibadilisha. Mwenyekiti alitaka sentensi hiyo itoke. Nilibishana naye hadi ikabaki, na ndiyo pekee iliyojibiwa: watu 4 waliandika kuuliza kama kiti kimebadilishwa. Wiki 2 baadaye tukawajulisha kwamba kimebadilishwa. Picha tuliweka za viti na mikono ya fundi; sura za waliopewa hatukuweka isipokuwa ya mzee mmoja aliyeisoma ripoti kwanza na kukubali.

Jambo la mwisho litakutembelea usiku. Asubuhi moja nilikuta arifa 212 kwenye simu, zote za kati ya saa 8 na saa 9 usiku, zote za mchango wa 1, nyingi zikiwa zimekataliwa na 19 zimefaulu. Kwa dakika kama 5 hivi nilidhani tumepata umaarufu. Kumbe wezi wa kadi hupenda kurasa za michango: hakuna mzigo wa kusafirishwa, kiasi ni cha hiari, na fomu ni fupi, kwa hiyo huzitumia kujaribu kadi ipi kati ya zile walizoiba bado inafanya kazi. Dalili ni hizo hizo: viwango vidogo vinavyofanana, majina yasiyo na mantiki, dakika chache, na kukataliwa kwingi.

Wenye kadi hizo hawawajui, na kila malipo yaliyofaulu ni pingamizi linalokuja. Rudisha pesa zote wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla benki hazijaanza. Kisha weka kiwango cha chini cha mchango, sisi tuliweka 5. Washa kizuizi cha roboti kama reCAPTCHA kwenye fomu. Na uliza kampuni ya malipo jinsi ya kupunguza idadi ya majaribio kutoka kifaa kimoja. Andika pia kwenye daftari la hesabu kwamba makato ya awali ya miamala hiyo huenda hayatarudi hata ukirudisha mchango mzima. Ukilisahau hilo, mwisho wa mwezi hesabu ya benki na ya mfumo zitapishana kwa kiasi kidogo cha ajabu, nawe utakesha ukitafuta kosa ambalo hukulifanya.