Kabla hujaondoka kwenda kwa mgonjwa, soma karatasi ya viza

Juzi tena dada mmoja wa Kilifi amenipigia saa nane usiku analia, babake yuko hoi hospitali na yeye amemwambia madam wake "nataka kwenda nyumbani", basi. Wadogo zangu mnaofanya kazi za nyumba Saudia, hilo neno nimewakataza mara ngapi? Kafili akilisikia anaelewa umeacha kazi.

1. Sema unataka khuruj wa auda, yaani unatoka na unarudi, useme siku ngapi. Na umwambie baba mwenye nyumba mwenyewe maana viza inatolewa kwa Absher yake, ile programu ya serikali kwenye simu. Yale mageuzi ya Machi 2021 ya mtu kujiombea viza bila mwajiri, sisi wa majumbani hatukuwekwa.

2. Hapa ndipo nilipoumia mimi. 2019, Dammam, mamangu alipooza upande mmoja, nikaenda kulia kwa madam jikoni, wageni wamejaa sebuleni, nikasema tu mama mgonjwa niachieni niende. Siku ya tatu baba akanipa tiketi na karatasi, nikaikunja nikatia kwa pochi sikuisoma hata mstari mmoja, na nguo zangu nikaacha kwa kabati na mshahara wa miezi miwili nikasema nitauchukua nikirudi. Nimemuuguza mama wiki tano. Nikampigia madam anitumie tiketi akaniambia khalas, tumeshapata mwingine. Ndo nikaitoa ile karatasi, imechakaa kwenye mikunjo, na pale kwenye aina ya viza imeandikwa Final Exit. Ilikuwa hapo siku zote, na kwa Kizungu! Ule mshahara sijauona mpaka leo, na dawa za mama tulikuwa tunakopa.

Kwa hivyo unatafuta Exit Re-Entry, ndiyo hiyo khuruj wa auda kwa Kizungu. Ukiona Final Exit na hukuomba hivyo, sema hapohapo kabla hujapanda ndege, kwa sababu ukishatoka iqama yako, kibali chako cha kukaa Saudia, imekwisha.

3. Mshahara chukua wote mpaka siku ya kuondoka, hata kama unarudi.

4. Usiombe wiki mbili. Ada ni riyali 200 mpaka miezi miwili, kila mwezi wa ziada 100, kwa hivyo wiki mbili na siku sitini bei ni moja, na mgonjwa hapangi siku. Angalia pia, kama karatasi imeandikwa idadi ya siku zinahesabiwa tangu utoke, lakini ikiandikwa tarehe ya mwisho ya kurudi, kila siku unayochelewa kusafiri inakula zako.

Yule dada nilimwambia apige picha barua ya daktari, amsubiri baba atoke msikitini isha, amwambie taratibu siku sitini na narudi. Leo asubuhi amenitumia karatasi. Nimeikuza kwa simu nikaisoma mara mbili: Exit Re-Entry, siku 60. Anasafiri Alhamisi.