Maswali na majibu: Daftari la maonyo kwenye grupu lenye maadmini wengi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tuko maadmini watano kwenye grupu la WhatsApp la kuuza na kununua vitu hapa Mwanza, wanachama ni zaidi ya mia nane. Mmoja wetu akimtoa mtu, mwingine anamrudisha, na watu wameanza kusema tunapendelea. Tumefungua daftari la kuandika nani ameonywa, ili akifikisha maonyo matatu atolewe. Kuna kijana anatuuzia programu ya kuhesabu maonyo yenyewe. Tuichukue? Na daftari liwe na nini?

JIBU: Marahaba. Programu hiyo msiichukue. Hizi zinazouzwa mitaani kwa ahadi ya kusimamia grupu la WhatsApp mara nyingi hutegemea matoleo ya kughushi kama GB WhatsApp, na WhatsApp hufungia namba zinazoyatumia. Mtaamka siku moja admini mwenzenu hana akaunti, na meseji zenu zote zimekwisha kupita kwenye programu ya mtu msiyemjua.

Tena hata ingekuwa halali isingewasaidia, kwa kuwa ugomvi wenu hautokani na kushindwa kuhesabu. Kila wiki naletewa daftari la namna hii: safu ya majina, pembeni vistari, viwili kwa huyu, vitatu kwa yule. Nikiuliza kistari hiki alikipata kwa kosa gani, hakuna anayejua. Aliyetuma linki ya upatu ana kistari kimoja, na aliyesahau kuweka bei kwenye tangazo ana viwili, kwa hiyo msahaulifu ndiye aliye karibu na mlango. Daftari la hivyo linaufanya upendeleo uonekane kama haki, maana sasa una namba.

Maadmini watano hutofautiana kwa sababu wanaisoma kanuni moja kwa macho matano. Kwa hiyo kinachotakiwa kuandikwa kwanza ni uamuzi wenu ninyi na sababu yake. Jina la mwanachama linakuja baadaye.

Chukueni kanuni ambayo bila shaka mnayo: kila tangazo liwe na bei. Mtu anatuma picha ya friji na kuandika "bei njoo inboksi". Admini wa kwanza anafuta na kutoa onyo. Wa pili, siku nyingine, anamjibu muuzaji mwingine pale pale, "weka bei mkuu", na mambo yanaishia hapo. Wa tatu anaona na kupita. Wote watatu wanaamini wanafuata kanuni, na aliyeonywa ana haki ya kuuliza mbona jirani yake aliachwa.

Sasa tuseme kila mmoja ameandika mstari wake: tarehe na saa, namba ya simu ya mwanachama, namba ya kanuni, maneno yaliyotumwa kama yalivyokuwa, hatua iliyochukuliwa, sababu kwa sentensi moja, na admini aliyechukua hatua. Mwisho wa mwezi mnatafuta mistari yote ya kanuni ya bei. Mnakuta maonyo yote yametoka kwa mtu mmoja, na wengine wanne wanaelekeza tu. Hapo mnakaa na kukubaliana, mathalani, kwamba mara ya kwanza tangazo linafutwa na mtu anaelezwa faraghani bila kuhesabiwa onyo, na akirudia ndani ya siku 30 ndipo anaonywa. Makubaliano hayo nayo yanaandikwa kama mstari wenye tarehe yake, na maonyo ya zamani ya kanuni hiyo yanafutiliwa mbali. Kuanzia siku hiyo, admini kabla ya kugusa tangazo lisilo na bei anaangalia kwanza mstari wa mwisho wa kanuni hiyo unasemaje.

Mstari ambao maadmini huukataa sana ni ule wa "nimeona, nimeacha". Wanauona kazi ya bure. Lakini upendeleo hujificha pale pale, kwa shemeji wa admini ambaye kila akikosea hakuna anayeandika kitu. Aliyeachwa aandikwe, pamoja na sababu ya kuachwa.

Mpangilio wa kazi ni huu: nakili meseji, andika mstari, ndipo ufute, kisha umwambie mhusika. Ukianza kufuta, wanachama na maadmini wenzako wanabaki na taarifa tu kwamba admini fulani amefuta meseji, na kilichokuwemo hakionekani tena. Msitegemee pia kumbukumbu ya mtandao wenyewe. WhatsApp huonyesha waliotoka kwenye grupu kwa siku 60 tu, bila sababu. Telegram nayo huweka orodha ya matendo ya maadmini kwa saa 48. Na kagrupu kenu ka maadmini si daftari: habari ya onyo inazikwa chini ya salamu na utani kabla ya jioni.

Mtu mtambueni kwa namba ya simu nzima. Jina la WhatsApp hubadilishwa kwa sekunde, na tarakimu nne za mwisho kwenye grupu la watu mia nane hugongana kwa urahisi. Mwenye laini mbili atawapita hapo, hilo daftari haliwezi kulizuia.

Chombo chenyewe ni jedwali la Google Sheets mliloshirikishana ninyi watano, basi. Mstari uliokosewa usifutwe, ongezeni mwingine chini unaousahihisha. Ubishi ukitokea, historia ya matoleo itaonyesha nani alibadilisha nini. Na anayetaka kumrudisha mtu aliyetolewa aandike mstari wa kumrudisha, usomwe na aliyemtoa, kabla hajamwongeza.

Kuna kitu kimoja kisichonakiliwa kabisa, nacho ni picha na video za utupu. Andika "picha ya utupu, imefutwa" na uishie hapo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na admini anayehifadhi picha hizo kama ushahidi wa grupu, kisha akazituma kwa wenzake wanne wazione, amejiingiza mwenyewe kwenye kosa. Jambo la jinai, hasa likimhusu mtoto, lipelekwe polisi.

Linalonichosha kuliko yote ni maadmini wanaolimwaga daftari hadharani. Nimeona magrupu yanayobandika kila Jumapili orodha ya walioonywa, namba za simu zikiwa wazi, na juu yake neno "MATAPELI". Aliyesahau bei ya friji yumo, na orodha hiyo ikishatumwa kwenye magrupu mengine hakuna wa kuirudisha. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya ina ya kwao ya 2019. Hata bila sheria, mtu aliyeitwa tapeli kwa kosa la bei ana sababu nzuri ya kuwapeleka mahakamani. Mwanachama akiomba, msomeeni mistari yake mwenyewe tu. Maonyo madogo yafuteni kwenye jedwali baada ya miezi sita, na yaliyobaki yawe ya waliotolewa kwa utapeli uliothibitika, kila mmoja na maelezo ya namna ulivyothibitika.