Barua kwa mfadhili niliyoiandika mara mbili

Juzi dada mmoja, afisa programu kama mimi, aliniandikia usiku: "Kaka, ripoti ya majaribio ya chatboti inatakiwa Ijumaa, na matokeo yenyewe ni vuguvugu. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari miwili nikalala. Lakini swali lake limenikaa, maana barua ya namna hiyo nimewahi kuiandika mara mbili, na ile ya kwanza mpaka leo inanitia aibu.

Mradi wetu ulihusu afya ya mama na mtoto. Mama anatuma swali kwa WhatsApp, chatboti inamchagulia jibu kati ya majibu yaliyopitishwa na wauguzi, na ikishindwa inalipeleka swali kwa muuguzi wa zamu. Ofisini tuliizoea kuiita "boti", hadi mhasibu akauliza chombo hicho tumekiegesha wapi.

Barua ya kwanza ilianza hivi: "Watumiaji 2,140 wamefikiwa, na asilimia 91 ya maswali yao yametatuliwa." Namba zote nilizitoa kwenye dashibodi kama zilivyo. Nilijiambia sijadanganya.

Muuguzi mmoja aliisoma rasimu akauliza, "Yametatuliwa na nani?" Nikaenda kwa fundi wetu, naye akanieleza bila hata kuinua macho: mazungumzo yoyote ambayo mama hakuomba kuongea na mtu, mfumo unayahesabu kuwa yametatuliwa. Kwa hiyo mama aliyejibiwa upuuzi, akasonya na kuweka simu chini, naye alikuwa ndani ya ile asilimia 91 yangu.

Nikaanza upya. Kwenye zile namba 2,140 nikatoa 63 za wafanyakazi na za majaribio, kisha 177 zilizojirudia kwa sababu watu walibadilisha laini. Zikabaki 1,900. Kati ya hao, 1,216 ndio waliowahi kuuliza swali lao wenyewe. Wengine walijibu salamu ya kukaribishwa wakaishia hapo. Wiki ya nne baada ya kujiandikisha, waliokuwa bado wanaitumia walikuwa 304, yaani asilimia 16. Hiyo 304 niliiangalia kwa muda mrefu, nikaona heri ningebaki na dashibodi.

Halafu tukasoma mazungumzo yenyewe, na kama una siku tatu tu za kuandaa ripoti, zimalizie hapa. Tulichomoa mazungumzo 300 kwa bahati nasibu, tukafuta majina na namba za simu, tukawapa wauguzi wawili wayasome kila mmoja peke yake bila kuambizana. Walipotofautiana, wa tatu aliamua. Majibu 201 yalikuwa sahihi na yanatosha. Mengine 78 hayakuwa na kosa ila hayakumsaidia mtu. Yaliyobaki 21 yalikuwa na makosa, na manne kati ya hayo yangeweza kumdhuru mtoto.

Moja nalikumbuka neno kwa neno. Mama aliandika: "mtt ana homa xku ya 3 na anatapika kila k2 nimpe nn". Chatboti ikamjibu kwamba homa ndogo baada ya chanjo ni kawaida. Hakuwa ametaja chanjo popote. Maneno tuliyoifundisha yalikuwa Kiswahili cha vipeperushi: "mtoto", "siku", "kitu". Ujumbe wake ulipofika, neno pekee ililolitambua vizuri lilikuwa "homa", na homa kwetu ilikuwa imewekwa chini ya mada ya chanjo. Mtoto anayetapika kila anachopewa ana dalili ya hatari, ni wa kukimbizwa kituo cha afya. Muuguzi yeyote anajua hilo kabla hujamaliza sentensi.

Hitilafu ya pili ilikuwa ya kijinga zaidi, na ilikuwa yetu kabisa. WhatsApp inakuruhusu kumjibu mtu kwa maneno yoyote ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho. Zikipita, unaweza kumtumia tu ujumbe wa kiolezo kilichoidhinishwa mapema. Sisi hatukuwa na kiolezo hata kimoja, na wauguzi hawakuwa na zamu ya wikendi. Swali la Ijumaa jioni lilijibiwa Jumatatu asubuhi, muuguzi akabonyeza tuma, dashibodi ikaandika "limejibiwa", na mama hakupata kitu. Tuligundua tulipofungua kumbukumbu za mfumo na kukuta `131047` imejipanga kila Jumatatu. Hiyo ndiyo alama ya kosa ya kupitwa na saa 24. Ilikuwepo muda wote, ila hakuna aliyekuwa na kazi ya kuitazama.

Barua ya pili ilianza hivi: "Chatboti ilitoa jibu sahihi na la kutosha katika mazungumzo 201 kati ya 300 tuliyoyakagua. Katika manne ilitoa jibu ambalo lingeweza kumdhuru mtoto. Tumeyaeleza yote manne hapa chini, pamoja na tulichofanya siku tuliyoyagundua." Tulichofanya ni kwamba tulizima majibu yote ya homa na kutapika, maswali hayo yakawa yanakwenda moja kwa moja kwa muuguzi, na wale mama wanne tukawapigia simu. Kisha nikaandika tusichoweza kudai: hatukuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo hata kama mahudhurio ya kliniki yalipanda, hatuwezi kusema ni sisi tulioyapandisha.

Mkurugenzi wangu alikata aya ya wale wanne. Nikairudisha. Akaihamishia kwenye kiambatisho, ukurasa wa 19, nikairudisha tena mbele, na mwenzangu mmoja akaniita msaliti mbele ya kikao kizima. Sijasahau. Ikabidi nimwambie mkurugenzi kwamba jina linalotiwa sahihi pale chini ni langu, na kama anataka barua nyingine, aisaini yeye. Hakuisaini.

Wengi wenu mnaficha makosa kwenye neno "changamoto". "Kulikuwa na changamoto za lugha." Lugha ilifanya nini? Andika ujumbe wa mama kama ulivyokuja na jibu alilopewa, bila kitu cha kumtambulisha. Mfadhili atauelewa kuliko aya tatu zako za changamoto. Na acheni kuripoti idadi ya meseji! Mama anayeuliza jambo lile lile mara tano kwa sababu haeleweki anakuzalishia meseji nyingi kuliko aliyejibiwa vizuri mara moja. Kila asilimia iandikiwe ni kati ya wangapi, hapo hapo, si kwenye tanbihi.

Mfadhili alinyamaza wiki tatu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kazi kwingine. Kisha afisa wao akapiga simu, na hakugusa asilimia hata moja. Aliuliza, "Yule mtoto aliyekuwa anatapika, yukoje?" Nilikuwa na jibu. Bibi yake hakuisubiri simu, alimpeleka kituo cha afya usiku ule ule, na mtoto alipona.

Awamu ya pili walitupa pungufu ya tulichoomba. Fedha za matangazo walizifuta zote, za wauguzi wa wikendi wakaziacha.

Dada, umesema Ijumaa. Nitumie ukurasa wa kwanza kesho asubuhi, huo tu, na ile orodha ya majibu mliyoyaona yana makosa. Kama orodha hiyo bado haipo, basi omba wiki moja zaidi.