Usiguse 30 mpaka ujue 1/14 yako iko wapi

> "Wakuu, RSI 14 ya EURUSD H1 kwenye TradingView inasoma 34, MT5 inasoma 34 na ushee, ila skripti yangu ya Python inatoa 23. Ipi sahihi? Nataka roboti inunue ikishuka chini ya 30, Jumatatu naiwasha kwenye akaunti halisi. Pia H1 ni bora 14 au 9? Na stop niweke wapi?"

Mkuu, Jumatatu usiwashe kitu. Zima hiyo roboti sasa hivi, halafu ndiyo usome.

Naweka dau kwamba ndani ya skripti yako kuna `ewm(span=14)`. Usiniulize nimejuaje, wengine tulishalipia ada ya somo hilo kwa dola. Kila anayeuza kozi ya "roboti ndani ya siku saba" anagawa mistari ileile, na yule aliyenigawia mimi alipoulizwa kwa nini namba hazilingani alijibu "tofauti ni ndogo, soko halijali". Soko kweli halijali. Salio ndilo linajali.

Welles Wilder alipoitoa RSI mwaka 1978, watu walikuwa wanapiga hesabu kwa kalkuleta na karatasi. Kwa hiyo alitumia wastani usiodai kukumbuka mishumaa yote ya nyuma: chukua wastani wa jana, zidisha kwa 13, ongeza badiliko la leo, gawanya kwa 14. Unafanya hivyo kivyake kwa kupanda na kivyake kwa kushuka. Maana yake mshumaa mpya unapewa uzito wa 1/14, yaani kama asilimia 7. EMA ya 14 ya kawaida, ambayo ndiyo `span=14`, inampa mshumaa mpya 2/15, asilimia 13 na kitu. Karibu mara mbili! Neno "14" ni lilelile, hesabu ni mbili tofauti. Ukitaka kumpata Wilder kwa lugha ya EMA, 14 yake ni EMA ya 27, kwa sababu 2/28 ni sawa na 1/14.

Sasa tazama inavyouma. Tuseme wastani wa kupanda ni pipsi 6 na wa kushuka ni pipsi 4. RSI ni 60 kwa njia zote mbili. Halafu bei inaanza kuporomoka, kila mshumaa unafunga pipsi 30 chini ya uliotangulia.

Mshumaa wa kwanza, kwa Wilder: kupanda ni (6×13+0)/14, sawa na 5.57. Kushuka ni (4×13+30)/14, sawa na 5.86. RSI 48.8. Kwa EMA ya 14: kupanda 5.20, kushuka 7.47, RSI 41.1. Mshumaa mmoja tu na tayari wamepishana kwa karibu pointi 8.

Wa pili: Wilder 40.6, EMA 30.1. Wa tatu: Wilder 34.3, EMA 23.0. Hapo ndipo ulipo wewe, 34 na 23. Roboti yako inanunua hapa. Wa nne: EMA 18.1, na Wilder ndiyo kwanza anaingia 29.5.

Umeona? Roboti imenunua pipsi 30 juu ya pale ambapo chati yako ya MT5 ingeonyesha chini ya 30. Kwa loti 0.10 hizo ni dola 30. Kama stop iko pipsi 25 chini, umeshatolewa sokoni kabla ishara uliyoijaribu kwenye chati haijatokea. Na kibaya zaidi ni siku ambazo bei inageukia kwenye mshumaa wa tatu: roboti inafungua biashara ambayo kwenye majaribio yako ya MT5 haikuwepo kabisa. Majaribio uliyafanya kwa kifaa kimoja, pesa unaiweka kwenye kingine. Usijaribu kuponya kwa kushusha 30 iwe 20 pia, maana pengo si la kudumu: lilikuwa 8, likawa 10, likawa 11.

Kuna wanaotumia `rolling(14).mean()`, wastani wa kawaida, wengine huiita RSI ya Cutler. Hiyo ina kituko chake: mshumaa unaotoka dirishani una nguvu sawa na unaoingia. Kwa mfano wetu, kama unaotoka ulipanda pipsi 14, RSI baada ya mshumaa wa kwanza ni 44.9. Kama unaotoka ulishuka pipsi 28, RSI ni 59.2. Bei ya leo ni moja, kilichobadilisha jibu ni kitu cha mishumaa 14 iliyopita. Kwa roboti ya 30 na 70 sikushauri.

Rekebisha hivi:

```python
import MetaTrader5 as mt5
import pandas as pd
mt5.initialize()
r = mt5.copy_rates_from_pos("EURUSD", mt5.TIMEFRAME_H1, 1, 300)
c = pd.DataFrame(r)["close"]
d = c.diff()
up = d.clip(lower=0).ewm(alpha=1/14, adjust=False).mean()
dn = (-d.clip(upper=0)).ewm(alpha=1/14, adjust=False).mean()
rsi = 100 - 100 / (1 + up / dn)
```

Hiyo 1 kabla ya 300 inaruka mshumaa ambao haujafunga. Ukiweka 0, namba ya mwisho itacheza kila bei inaposogea, utadhani hesabu ni mbovu.

Na 300 sijaiweka kwa mapambo. Wilder alianza na wastani wa kawaida wa mabadiliko 14 ya kwanza, pandas hapo juu inaanza na badiliko la kwanza pekee, na mwanzo huo unafifia polepole: kila mshumaa unabakiza 13/14 yake. Ukivuta mishumaa 30 tu, hata ukianza kama Wilder, theluthi moja ya wastani wako bado ni ule wa mwanzo. Ikishapita mishumaa 100 tangu mwanzo huo, unabaki chini ya moja ya elfu. Hii ndiyo sababu watu wawili wenye 1/14 sahihi bado wanapishana pointi mbili tatu: mmoja kavuta mishumaa michache.

TradingView na MT5 zote zinakwenda kwa Wilder (kwenye Pine, `ta.rsi` inatumia `ta.rma` ndani yake), kwa hiyo huo ushee kati ya 34 ya TradingView na 34 ya MT5 ni bei tu. Chanzo cha bei si kimoja. Kwenye D1 pengo huwa kubwa zaidi, hasa kama seva ya dalali wako inatengeneza kamshumaa ka Jumapili: hapo wiki ina mishumaa sita na kila kitu kinasogea.

Ukishabadilisha, chukua mshumaa wa mwisho uliofunga, weka kishale cha MT5 juu yake usome RSI, linganisha na `rsi.iloc[-1]`. Bei zinatoka MT5 ileile, kwa hiyo tofauti lazima ianzie kwenye desimali ya pili au mbali zaidi. Ikiwa ni pointi nzima, tafuta 1/14 ilipopotea. Watu huandika `com=14` wakidhani ni kitu kimoja. Hiyo ni 1/15, Wilder ni `com=13`.

Weka hapa picha ya namba zote mbili kabla ya Jumatatu.