Toroli mbili uso kwa uso: anza na momenta, nishati ingoje

Nafundisha tuisheni ya fizikia huku Mbagala. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanaokuja kwangu karibu wote wana kanuni ya hifadhi ya momenta kichwani. Waamshe usiku wa manane, wataitaja. Wanapopotea ni kwenye swali la vitu viwili vinavyokuja kukutana. Basi tuchukue swali moja la aina hiyo, tulifanye kwa njia zote.

Toroli A ina kilo 2, inakwenda kulia kwa 3 m/s. Toroli B ina kilo 1, inakuja upande wa kushoto, nayo kwa 3 m/s. Mbele ya A kuna pini na mbele ya B kuna kizibo, kwa hiyo zikigongana zinanasana. Zitakwenda kwa kasi gani?

Kabla ya namba yoyote, chora mshale wa kulia na uweke alama ya kujumlisha juu yake. Kinachokwenda kulia ni chanya, kinachokwenda kushoto ni hasi, na uamuzi huo usiuguse mpaka swali liishe. Momenta ya A ni 2 × 3 = 6. Ya B ni 1 × (−3) = −3. Jumla ni 3 kg m/s. Zikishanasana tungamo lao ni kilo 3, kwa hiyo 3v = 3, na v = 1 m/s kuelekea kulia.

Aliyesahau alama ya hasi anajumlisha 6 na 3, anapata 9, akigawa kwa 3 anapata 3 m/s. Mwenzake anakimbilia nishati mwendo: kabla ya kugongana ni 9 + 4.5 = 13.5 J, anaandika ½ × 3 × v² = 13.5, naye anapata 3 m/s. Hapo ndipo pabaya. Makosa mawili tofauti yametoa jibu moja, kwa sababu tu kasi za mwanzo zililingana, na wawili hao wakitazamiana madaftari kila mmoja anajiona yuko sahihi. Lakini hebu litazame jibu lenyewe: A imegongwa uso kwa uso, halafu inaendelea na 3 m/s ileile kana kwamba B haikuwepo? Haiwezekani. Kwa jibu sahihi, nishati mwendo iliyobaki ni 1.5 J. Zile 12 J nyingine zimekwenda kwenye joto, sauti na kazi ya pini kupenya kizibo. Vitu vikinasana, nishati mwendo haihifadhiwi, kwa hiyo usiitumie kutafuta kasi. Itumie mwishoni, kujua kiasi kilichopotea.

Sasa ng'oa pini, weka springi, na swali liseme mgongano ni nyumbufu. Kuna kasi mbili tusizozijua, hivyo tunahitaji milinganyo miwili. Wa kwanza ni momenta ileile: 2vA + vB = 3. Wa pili wengi wanauandika kwa nishati, wanazama kwenye vipeo vya pili mpaka muda unakwisha. Kuna njia fupi: katika mgongano nyumbufu, kasi ya kukaribiana ni sawa na kasi ya kuachana. Zilikuwa zinakaribiana kwa 6 m/s, kwa hiyo vB − vA = 6. Weka vA + 6 mahali pa vB kwenye mlinganyo wa kwanza: 3vA + 6 = 3, vA = −1 m/s, na vB = 5 m/s. Hasi hiyo usiifute; inasema A imerudi nyuma. Hakiki: 1 + 12.5 = 13.5 J. Imetimia.

Tahadhari moja hapa. Toroli kuachana hakutoshi kuufanya mgongano uwe nyumbufu. Tuseme A imerudi kwa 0.5 m/s tu. Momenta inadai −1 + vB = 3, yaani vB ni 4 m/s. Nishati mwendo sasa ni 0.25 + 8 = 8.25 J, pungufu ya 13.5. Zimeachana, lakini mgongano si nyumbufu, na ile njia fupi ingekudanganya. Itumie pale tu swali linapotamka kwamba mgongano ni nyumbufu au kwamba nishati mwendo imehifadhiwa. Lisipotamka, wala vitu havikunasana, litakuwa limekupa mojawapo ya kasi za baadaye. Rudi ulisome tena.

Na ukilifanya jaribio hili kwa mikono, msuguano ni kani ya nje, nao unakula momenta. Ndiyo maana, kwa jaribio la toroli moja kuigonga nyingine iliyosimama, ubao wa kupitia huinuliwa kidogo upande mmoja, mpaka toroli ikisukumwa iteremke bila kuongeza wala kupunguza kasi. Kwa jaribio letu la kukutana ujanja huo haufai, maana toroli inayopanda ingepunguzwa kasi zaidi. Laza ubao sawa, kisha pima kasi karibu kabisa na mgongano, muda mfupi kabla na mara tu baada.