Urari umegoma, bosi anasema tupia saspensi: usifanye hivyo kabla ya kujua unatupia nini

*"Wakuu, natunza vitabu vya duka la jumla. Nimefunga mwezi, urari umegoma kwa 63,000, upande wa debiti ndio pungufu. Bosi ananiambia niitupie saspensi tuendelee na kazi. Hiyo saspensi ni kitu gani hasa, na baadaye naitoaje?"*

Mkuu, saspensi ni akaunti ya kwenye leja kama nyingine, ila haina mali wala deni nyuma yake. Inashika nafasi ya kosa ambalo hujalijua bado. Upande uliopungua ndio unaowekewa saspensi. Kwako debiti imepungua, kwa hiyo utafungua akaunti hiyo na kuidebiti 63,000, na urari utalingana kwa kulazimishwa. Kosa lenyewe bado limo kwenye vitabu, limekaa palepale ulipoliacha.

Nikupe yaliyonikuta mwenyewe, ndiyo yaliyonifundisha.

Nilikuwa natunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Kazi yote ilikuwa ya mkono: kauntabuku moja ya mauzo ya mkopo, moja ya fedha, na leja. Tarehe 31 Desemba nikatoa urari. Debiti 61,845,000, krediti 61,465,000. Krediti imepungua kwa 380,000.

Nikafanya yale ya kwanza ambayo kila mtu anatakiwa kuyafanya kabla ya kutamka saspensi. Nikajumlisha upya pande zote mbili, tena kutoka chini kwenda juu, maana ukirudia njia ileile jicho linarudia kosa lilelile. Nikapitia leja ukurasa kwa ukurasa kuona kama kuna salio nililosahau kulileta, au nililolileta upande usio wake. Nikalinganisha masalio ya mwanzo wa mwaka na yale ya mwisho wa mwaka uliopita. Hakuna kitu. Nikagawanya tofauti kwa mbili, nikapata 190,000, nikatafuta muamala wa kiasi hicho uliowekwa upande usio wake. Haupo. Nikagawanya kwa tisa, haikugawanyika. (Tarakimu mbili zikipishana nafasi, tofauti yake lazima igawanyike kwa tisa.) Siku mbili zikaisha. Benki ilikuwa inasubiri hesabu za awali kwa ajili ya mkopo wa bosi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo saspensi inaporuhusiwa: umeshatafuta, na ripoti haiwezi kusubiri. Nikafungua akaunti, nikaikrediti 380,000, nikaandika tarehe, sababu ("tofauti ya urari wa 31 Desemba") na mambo niliyokwisha kuyakagua. Kwenye mizania ikakaa upande wa madeni kwa jina lake, mtu wa benki aione. Salio la saspensi likiwa la debiti linakaa upande wa mali. Faida ya awali ilikuwa 3,260,000.

Bosi alipoona ni salio la krediti akafurahi. "Si ina maana tumepata zaidi? Weka kwenye mapato mengine." Nikamkatalia, ingawa wakati ule sikuwa na hoja nzuri ya kumpa. Hoja ilikuja yenyewe mwezi wa kwanza, kwa miguu.

Alikuja fundi mmoja, mteja wetu wa mkopo, amekunja uso. Tulikuwa tumempigia kumdai 605,000. "Dada, mimi nadaiwa laki mbili na thelathini na tano. Hiyo laki sita imetoka wapi?" Akatoa risiti kwenye pochi, imekunjwa mara nne: alilipa 185,000 mwezi wa kumi na moja. Nikafungua akaunti yake kwenye leja. Deni lilikuwa 420,000, na malipo yake nilikuwa nimeyaandika debiti, chini ya manunuzi yake. Badala ya kumpunguzia 185,000 nilikuwa nimemwongezea. Deni lake likawa limezidi kwa 370,000, mara mbili ya alicholipa.

Daftari la fedha lilikuwa sahihi, hela iliingia kama ilivyoingia. Kwa hiyo marekebisho hayagusi fedha wala mauzo. Yanagusa fundi na saspensi tu: nikadebiti saspensi 370,000, nikakrediti akaunti ya fundi 370,000, na chini yake nikaandika maelezo na namba ya risiti. Sasa fikiria tungeiweka ile 380,000 kwenye mapato mengine. Tungekuwa tumejiandikia faida kutokana na deni ambalo mtu hadaiwi.

Saspensi ikabaki na 10,000.

Hapa ndipo wengi wanapotegwa, na mimi nusura nitegwe. Bosi akasema, "Elfu kumi? Hiyo hela ya chai, ifute." Nami nilikuwa nimechoka, kalamu iko mkononi. Aliyenizuia ni mzee mmoja mhasibu aliyekuwa akija kufunga hesabu za mwaka. Hakubishana na mtu. Aliomba daftari la fedha, leja na penseli mbili, tukakaa: yeye anasoma kiasi kwenye daftari, mimi naweka tiki kwenye leja.

Jioni ya pili tukaikuta ya kwanza. Gharama za usafirishaji, tuliyolipia roli la saruji, daftari la fedha linasema 540,000 na leja inasema 450,000. Nne na tano zimepishana. Debiti pungufu kwa 90,000. Ikarekebishwa: debiti usafirishaji 90,000, krediti saspensi 90,000. Unaona kilichotokea? Salio la saspensi halikupungua, liliongezeka kutoka 10,000 hadi 100,000. Nilikata tamaa kidogo. Mzee akatabasamu, akaniambia twende kwenye kauntabuku ya mauzo.

Kosa lilikuwa mwisho wa ukurasa. Jumla ya kupeleka mbele iliandikwa 2,846,000, na juu ya ukurasa uliofuata imeletwa 2,746,000. Akaunti za wateja mmoja mmoja zilikuwa sahihi, ila jumla iliyokwenda kwenye akaunti ya mauzo ilipungua 100,000. Debiti saspensi 100,000, krediti mauzo 100,000. Akaunti ikaisha, ikasomeka hivi:

Krediti: tofauti ya urari 380,000, usafirishaji 90,000. Jumla 470,000.
Debiti: fundi 370,000, mauzo 100,000. Jumla 470,000.

Ile elfu kumi ya chai ilikuwa makosa mawili, la 90,000 na la 100,000, yaliyokuwa yanafunikana. Ndiyo maana pia kugawa kwa mbili na kwa tisa kulinishinda siku ya kwanza: mbinu zile hushika pale kosa linapokuwa moja. Yakiwa matatu, unachokiona kwenye urari ni mabaki baada ya yote kuvutana.

Faida nayo tukaipitia upya, kwa sababu si kila kinachopita kwenye saspensi kinagusa faida. Kosa la fundi halikuigusa, lilikuwa la wadaiwa tu. Mauzo yaliongeza 100,000, usafirishaji ukapunguza 90,000. Faida ikawa 3,270,000. Jasho lote lile kwa tofauti ya elfu kumi.

Ila wakati tunaweka tiki tulikuta jingine ambalo saspensi isingelitaja hata mwaka mzima. Matengenezo ya giaboksi ya gari, 600,000, nilikuwa nimeyaandika kwenye akaunti ya magari kana kwamba tumenunua mali. Debiti ipo na krediti ipo, urari hauna la kulalamika. Tukadebiti matengenezo, tukakrediti magari, na saspensi haikuguswa kabisa. Faida ikashuka hadi 2,670,000. Vivyo hivyo muamala uliosahaulika kote kote, au uliowekwa kwa mteja mwingine mwenye jina linalofanana: hayo yote urari unayapitisha. Kwa hiyo saspensi ikifika sifuri, usimwambie bosi kwamba vitabu havina kosa. Mwambie tofauti ya urari imepatikana. Ni maneno mawili tofauti.

Kuna saspensi ya aina nyingine utakutana nayo dukani, usiichanganye na hii. Hela imeingia benki au kwenye simu, hujui ni ya nani. Hapo hakuna kosa la kuandika, kilichokosekana ni jina. Unadebiti benki, unakrediti saspensi, na mteja akijitokeza unahamishia kwenye akaunti yake. Kila ingizo liwe na mstari wake, tarehe na namba ya muamala, na ikiwezekana akaunti yake pekee. Hela hiyo si mauzo mpaka ijulikane, hata bosi akisisitiza.

Na kama mnatumia programu, usidhani umepona. Programu nyingi hazikubali ingizo la upande mmoja, kwa hiyo tofauti hujificha kwingine. Tally hukuonyesha `Difference in opening balances` kama masalio ya mwanzo hayalingani, na QuickBooks huyarundika kwenye `Opening Balance Equity`. Jina ni tofauti, ila kazi ya kuisafisha ni ileile ya kurudi kwenye nyaraka.

Sasa tuje kwenye 63,000 yako. Kabla hujaitupia popote, igawanye kwa tisa: unapata 7,000 kamili. Hiyo ni dalili, si ushahidi, ila kama kosa ni moja inakuambia utafute wapi. Tarakimu zilizopishana zitakuwa zinatofautiana kwa saba, kwenye nafasi ya elfu na ya makumi elfu: 81,000 iliyoandikwa 18,000, au 92,000 iliyoandikwa 29,000. Au sifuri imedondoka, 70,000 ikawa 7,000. Kwa kuwa debiti ndiyo pungufu, anza na malipo ya gharama na manunuzi ya mwezi huu peke yake, linganisha daftari la fedha na leja. Ukikosa, tafuta 31,500 iliyotakiwa kuwa debiti ikaandikwa krediti. Mwezi mmoja wa duka la jumla ni kazi ya jioni moja kama una mtu wa kukusomea.

Ukishindwa, fungua saspensi, debiti 63,000, na uandike tarehe. Mwezi ujao ukigoma tena kwa kiasi kingine, usiziunganishe hizo mbili kuwa salio moja, utakuja kunilaani. Ukiipata, rudi hapa utuambie ilikuwa nini. Mimi naweka dau langu kwenye ile sifuri.